Mistari imejaa lakini waifai ya hoteli haiendi: jua kwanza tatizo liko kipande gani

Swali: Kaka habari za kazi. Nasafiri sana kikazi na kila hoteli ni yaleyale, waifai inaonyesha mistari yote imejaa lakini ikifika usiku haiendi kabisa, kikao cha video kinagandaganda mpaka nakata. Halafu ile peji ya kuweka namba ya chumba mara haitokei kabisa mara inarudi tena na tena. Hata kwenye kafe ni hivyohivyo. Nina laptopu na simu tu, ruta yao siwezi kugusa. Nifanyeje?

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu. Anza kwa kuisahau ile mistari, maana inakuambia kitu kimoja tu, kwamba redio ya simu yako inasikia vizuri kile kisanduku cha waifai kilichoko ukutani au kwenye dari. Haijui kabisa kama kisanduku hicho kina watu wengine hamsini, haijui laini inayotoka hotelini kwenda nje imejaa au la, wala haijui kama umesharuhusiwa kupita kwenye peji ya kulogini. Kwa hiyo mistari imejaa na intaneti imekufa ni vitu viwili vinavyokaa pamoja bila shida yoyote, na ndo maana watu wanahama kiti, wanahama meza, wanazima na kuwasha simu, halafu hakuna kinachobadilika.

Safari ya data yako hapo ina vipande vitatu. Kuna hewani, yaani kutoka kwenye kifaa chako mpaka kisanduku cha waifai. Kuna peji ya kulogini, ambayo inakaa katikati na kuamua nani apite. Halafu kuna laini ya nje, ile moja ambayo hoteli nzima inagawana. Kila kipande kikiharibika dawa yake ni tofauti, na dawa ya kipande kimoja haisaidii kipande kingine hata kidogo, kwa hiyo kabla hujafanya chochote tafuta ni kipande gani. Inachukua kama dakika moja hivi na hauhitaji kuinstoli kitu.

Kwenye laptopu ya Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, tafuta mstari ulioandikwa "Default Gateway", hiyo namba ndo anwani ya ruta ya humo ndani. Kwenye Mac utaikuta kwenye setingi za Wi-Fi, bonyeza "Details", halafu "TCP/IP", pameandikwa "Router". Tuseme ni 192.168.1.1. Sasa piga pingi mbili, moja kwenda kwenye hiyo ruta na nyingine kwenda 1.1.1.1, ambayo ni seva iliyoko nje kwenye intaneti:

```
ping -n 20 192.168.1.1
ping -n 20 1.1.1.1
```

Kwenye Mac weka `-c` badala ya `-n`. Kinachotokea ni kwamba laptopu inatuma kipakiti kidogo mara ishirini na kupima kinachukua milisekunde ngapi kwenda na kurudi. Pingi ya kwanza inapima hewani tu, ya pili inapima hewani pamoja na laini ya nje. Ndo mtego wote uko hapo. Ya kwanza ikitulia kwenye milisekunde 2 mpaka 10 hivi, hewani kwako kuzuri na wala usisumbuke kuhama kiti. Ya kwanza ikirukaruka, mara 5 mara 180 mara "Request timed out", basi tatizo linaanzia hewani. Ya kwanza nzuri lakini ya pili inasoma 600, 900, na nyingine zinapotea, hapo laini ya nje imejaa. Na kama ya kwanza nzuri na ya pili haijibu hata moja, mara nyingi hujapita peji ya kulogini bado. Kuna hoteli chache ruta yao imewekwa isijibu pingi kabisa, utaona zote ishirini zimepotea wakati mitandao inafunguka vizuri tu, hapo usipaniki, tumia ile ya pili peke yake na ulinganishe mchana na usiku.

Nikupe kesi moja maana ndo inafanana na yako. Mgeni mmoja alinitafuta akiwa hotelini, chumba chake mwisho wa korido, kila usiku kikao kinakatika, na alikuwa ameshaomba kubadilishiwa chumba akiamini yuko mbali na waifai. Nikamwambia subiri kwanza, piga pingi. Mchana ruta ya ndani ilijibu kwa milisekunde 3 mpaka 6, nje ikajibu 35. Saa tatu usiku ruta ya ndani ikawa bado 3 mpaka 8, ila nje ikapanda mpaka kati ya 700 na 1200 na nyingine zinapotea. Yaani chumba hakina kosa lolote, angehamishiwa hata kando ya mapokezi angekuta hali ileile.

Piga hesabu uone kwa nini. Chukua hoteli ya vyumba 70, watu wawili kila chumba, kila mtu simu na laptopu, hivyo ni vifaa 280. Laini ya nje tuseme ni megabiti 100 kwa sekunde, ambayo kwa mtu mmoja nyumbani ni raha tupu. Mchana watu wametoka, kwa hiyo wewe uliyebaki chumbani unafaidi. Ikifika saa mbili usiku kila mtu amerudi, vifaa hamsini tu vikiwa vinaangalia video ya kiwango cha juu inayokula megabiti 5 kila moja, tayari zinatakiwa megabiti 250 na zilizopo ni 100. Kila mmoja anabaki na 2 hivi kama mgawanyo ni wa haki, na mara nyingi sio wa haki, maana mtu mmoja anayedaunlodi mafaili makubwa kwa mikondo mingi kwa pamoja anavuta zaidi ya mwenzake.

Lakini kinachoua kikao cha video kwa kawaida sio hiyo ya kushusha, ni ya kupandisha. Laini nyingi zinauzwa zikiwa na spidi kubwa ya kushusha na ndogo ya kupandisha, utakuta ile 100 ina 20 tu ya kwenda juu. Sasa fikiria simu za wageni zote, zimeshinda siku nzima zinapiga picha, jioni zikiona waifai tu zinaanza kupandisha bekapu za picha na video kimyakimya. Hapo laini ya kupandisha inajaa, na ruta nyingi zikijaa hazitupi pakiti, zinazipanga foleni ndefu ndani ya kumbukumbu yake. Pakiti ya sauti yako inakaa nyuma ya mapicha ya watu, inafika ikiwa imechelewa sekunde nzima, na programu ya kikao inaiona imeshapitwa na wakati inaitupa. Ndo ile sauti ya roboti na sura kuganda. Spidi unaweza ukaipima ukakuta hata megabiti 3, inayotosha kabisa, lakini ucheleweshaji ndo umekumaliza.

Huyo mgeni nilimwambia afanye kitu kimoja, azime bekapu ya picha kwenye simu yake mwenyewe na asimamishe usawazishaji wa mafaili kwenye laptopu, halafu apige pingi tena. Nje ikashuka mpaka kwenye 90 na ushee. Kumbe hoteli ile ilikuwa imeweka kikomo cha spidi kwa kila mgeni, na kikomo chake cha kupandisha alikuwa anakijaza yeye mwenyewe bila kujua. Hili nataka ulishike, kwa sababu hoteli nyingi zina vikomo hivyo, na ukiwa na kikomo basi foleni nyingine unakuta ni yako, sio ya jirani. Huwezi kuwazimia wageni wengine bekapu zao, ila yako unaweza.

Kuzima moja moja ni kazi, kwa hiyo tumia setingi inayoiambia mashine nzima kwamba hii netiweki ni ya kubana matumizi. Kwenye Windows nenda kwenye "Network & internet", kisha "Wi-Fi", fungua sifa za hiyo netiweki, washa "Metered connection", apdeti nyingi zitasimama na programu nyingi za usawazishaji zitatulia. Kwenye aifoni bonyeza ile alama ya herufi i kando ya jina la netiweki, washa "Low Data Mode". Android nyingi zina "Treat as metered" kwenye maelezo ya netiweki. Inashika kwa netiweki hiyo tu, ukirudi nyumbani mambo yako yanaendelea kama kawaida. Ila programu nyingine hazijali hiyo setingi, kwa hiyo zile za picha na mafaili fungua ukazisimamishe kwa mkono, hasa kabla ya kikao.

Na kwenye kikao chenyewe, zima kamera mapema, usisubiri ianze kuganda. Sauti peke yake inahitaji kilobiti kama 60 mpaka 80 kwa sekunde, video nzuri ya watu wawili inataka kama 600 kwenda na 600 kurudi, na ukishea skrini au mkiwa wengi inapanda. Tofauti hiyo ni kubwa mno, laini iliyobanwa inayokataa video inaweza ikabeba sauti bila wasiwasi. Kama kazi inataka uonekane, onekana dakika za salamu halafu zima.

Mafaili makubwa usipandishe usiku. Faili la megabaiti 600 ni megabiti 4800, ukipata megabiti 1 ya kupandisha ni dakika 80 kama hakuna kitu kinachokatika, na kitakatika. Lilelile saa kumi na moja alfajiri wageni wamelala linaweza likapita kwa dakika chache, labda uzuiwe na kikomo tu. Watu wanaofanya kazi hotelini muda mrefu wanajipangia hivyo, mchana wanaandika na kuhariri mafaili yakiwa yameshushwa kwenye mashine kabisa, alfajiri wanatuma. Na tumia njia ya kupandisha inayoendelea pale ilipoishia ikikatika, sio kuambatisha kwenye barua pepe ambayo ikikata kwenye asilimia 95 unaanza upya.

Kafe ni habari nyingine kidogo. Kule mara nyingi pingi ya kwanza ndo inayoharibika, yaani hewani. Waifai ni kama kikao chenye kanuni kwamba anaongea mmoja tu kwa wakati mmoja na wote mliobaki mnanyamaza, na kisanduku chenyewe kinahesabiwa humo. Akitokea mtu mmoja kakaa mbali, redio yake inashuka spidi ili ieleweke, anaongea polepole sana, muda wake unakula muda wa wote hata kama alichosema ni kidogo. Kwa hiyo kafe ikiwa na vifaa thelathini kwenye kisanduku kimoja, na vitano viko nyuma ya ukuta, hata waliokaa karibu wanateseka. Laini yao ya nje inaweza kuwa nzuri tu na bado msifaidi.

Hapo dawa yake ni ya mahali na ya masafa. Kaa sehemu ambayo unakiona kisanduku kwa macho, hata kama sio karibu sana, maana ukuta wa zege, kioo cha kujitazamia, friji na hata miili ya watu inakula signali. Halafu hakikisha uko kwenye masafa ya gigahezi 5 badala ya 2.4, kwa sababu kwenye 2.4 kuna chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na jengo lote pamoja na majirani wanagombea hizohizo, wakati kwenye 5 chaneli ni nyingi na hazipenyi sana kuta kwa hiyo majirani hawakufikii. Ukiona netiweki mbili zenye jina moja na moja imeongezewa 5G, chagua hiyo, na hiyo 5G ni ya gigahezi 5, haina uhusiano na 5G ya laini ya simu. Ukiwa mbali lakini, 2.4 ndo itakayokufikia, kwa hiyo jaribu zote mbili na uache pingi iamue.

Kuna kitu kimoja kinawapata wengi wanaotoka mapokezi kwenda chumbani. Laptopu na simu zinapenda kung'ang'ania kisanduku cha kwanza zilichounganishwa nacho hata kama umefika ghorofa ya tatu na kuna kingine hapo mlangoni kwako. Ukifika chumbani zima waifai, hesabu sekunde tano, washa. Ni kitu kidogo sana ila nimeona pingi ya ndani ikitoka 150 mpaka 5 kwa hilo tu. Ukitaka kuona kwa namba, kwenye Mac shikilia kitufe cha Option ubonyeze alama ya waifai juu, utaona "RSSI", yaani nguvu ya signali unayopokea. Karibu na -60 ni nzuri, -67 bado inabeba simu ya video, ikifika -80 usitegemee kitu.

Sasa hiyo peji ya kulogini, na hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wanapoteza jioni nzima. Inavyofanya kazi ni hivi. Ukiunganisha waifai unapewa anwani ya IP, lakini ruta imefunga kila kitu isipokuwa peji yake. Ukijaribu kufungua tovuti yoyote, inakudaka na kukupeleka kwenye peji hiyo. Kudaka huko kunawezekana kwenye tovuti ya zamani ya `http` isiyofungwa. Kwenye `https` hawawezi kukuhamisha bila brauza kugundua na kupiga kelele kwamba cheti sio halali, na leo karibu tovuti zote ni `https`. Ndo maana ukifungua barua pepe au benki kabla ya kulogini unaona onyo la kutisha au peji nyeupe inayozunguka tu. Usibonyeze "Proceed" kwenye onyo hilo hata siku moja, funga hiyo tabo uende njia nyingine.

Simu na laptopu zina ujanja wake. Zikiunganishwa tu zinaita anwani fulani ya majaribio kimyakimya, Android inaita `connectivitycheck.gstatic.com`, vifaa vya Apple vinaita `captive.apple.com`, Windows inaita `www.msftconnecttest.com`. Zikipata jibu zinalolitegemea zinajua njia iko wazi, zikipata kitu kingine zinajua kuna peji ya kulogini na zinakufungulia. Peji isipotokea maana yake jaribio hilo limekwama mahali, na wakwamishaji wakubwa wawili unao mwenyewe mfukoni. Wa kwanza ni VPN, ile programu inayopitisha data yako yote kwenye njia yake iliyofungwa, ukiwa umeiweka iwake yenyewe, inajaribu kutoka nje kabla hujaruhusiwa, na wakati huohuo inakataa kitu chochote kupita nje yake, kwa hiyo mnabaki mnaangaliana. Wa pili ni DNS uliyoiweka mwenyewe, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya anwani yake. Kwenye Android nenda "Private DNS", kama umeandika jina la mtoa huduma fulani rudisha "Automatic" au "Off" kwa muda. Kwenye laptopu kama uliwahi kuandika 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwa mkono, rudisha iwe ya kujipatia yenyewe, kwa sababu hoteli nyingi zinakudaka kupitia DNS yao na wewe unaikwepa bila kujua.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Zima VPN, rudisha DNS, zima waifai na uwashe, subiri kidogo. Isipotokea fungua brauza uandike:

```
http://neverssl.com
```

Hiyo ni tovuti iliyotengenezwa makusudi isiwe na `https` ili peji za namna hii ziweze kudaka, na ukiandika weka hiyo `http://` kwa mkono maana brauza inapenda kujiwekea `https`. Ikigoma, andika ile namba ya "Default Gateway" kwenye brauza, mara nyingine peji inakaa hapohapo. Ukishapita, washa VPN yako tena mara moja, usiiache imezimwa ukaanza kazi.

Kama hata hapo kimya, angalia anwani yako ya IP kwenye `ipconfig`. Ikianza na 169.254 hakuna peji itakayotokea hata ufanye nini, maana hujapewa anwani kabisa, laptopu imejipa yenyewe. Hii inatokea kwenye hoteli na kafe zilizojaa. Mpangilio wa kawaida wa ruta una anwani 254, ruta ikichukua moja zinabaki 253, na kumbuka hesabu yetu ya vyumba 70 ilikuwa vifaa 280. Kafe ndo balaa zaidi, wateja wanapita, simu zao zinachukua anwani, na kama ruta imewekwa imtunzie kila mtu anwani kwa saa 24 basi waliokunywa asubuhi wakaondoka bado wamekalia nafasi zako jioni. Hili mwambie mhudumu, waombe waizime na kuiwasha ruta, mara nyingi inafunguka, na kama wana fundi wake apunguze muda huo uwe saa moja au mbili.

Peji inayorudi tena na tena ina sababu yake nyingine. Hoteli inakutambua kwa anwani ya MAC ya kifaa chako, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa kinaitumia kwenye waifai, na simu za siku hizi zinaibadilisha makusudi kwa ajili ya faragha. Kwenye aifoni utaona "Private Wi-Fi Address", ikiwa "Rotating" inabadilika kila baada ya muda, na ikibadilika hoteli inaona mgeni mpya. Weka "Fixed" kwa siku utakazokaa hapo, bado sio anwani yako halisi kwa hiyo faragha haijaondoka yote. Windows ina "Random hardware addresses", hakikisha haiko kwenye "Change daily". Android kwa kawaida inashika anwani moja kwa kila netiweki. Na acha kubonyeza "Forget" kila ikisumbua, wakati mwingine ndo unajitengenezea anwani mpya na kuanza upya. Sababu nyingine ni kikomo cha vifaa, wanaruhusu viwili kwa chumba, ukiingiza tableti ya tatu inasukuma simu nje, simu ikirudi inasukuma laptopu. Na zipo zinazokutoa kifaa kikilala dakika kadhaa, hiyo huna la kufanya zaidi ya kukizuia kisilale wakati kinapandisha faili.

Kama unasafiri sana kweli kama unavyosema, fikiria kununua ruta ndogo ya safari. Inajiunga na waifai ya hoteli kama kifaa kimoja, unalogini mara moja, halafu vifaa vyako vyote vinajiunga nayo. Inamaliza sehemu kubwa ya mambo ya kikomo cha vifaa na peji kurudi. Ila usinunue ukidhani itaongeza spidi, kwa sababu kwenye waifai inasikia na kuongea hewani mara mbili, na ukiiweka kwenye chaneli ileile ya hoteli inapunguza. Faida yake ya spidi inakuja pale chumba kina tundu la kebo ya netiweki ukutani au nyuma ya televisheni, ukichomeka hapo umeruka hewani kote. Jaribu kebo hiyo hata bila ruta, moja kwa moja kwenye laptopu, matundu mengine yamekufa lakini likiwa hai ni afadhali kuliko waifai yoyote mle ndani.

Programu zinazojitangaza zinaongeza spidi ya waifai achana nazo, hakuna programu kwenye simu inayoweza kupanua laini ya hoteli. Na usipime spidi kila dakika tano, kila kipimo kinavuta makumi ya megabaiti na wakati mwingine mamia, unajijazia foleni uliyokuwa unalalamikia. Pingi haili kitu, tumia hiyo.

Usalama kidogo tu. Muulize mtu wa mapokezi jina kamili la netiweki, maana mtu yeyote anaweza kuwasha hotspoti yenye jina la hoteli. Peji ya kulogini ikuulize namba ya chumba, jina, labda vocha. Ikikuomba nywila ya barua pepe yako toka hapo hapo.

Kwa kile kikao ambacho hakitakiwi kukatika, usitumie waifai yao kabisa kama laini ya simu inashika. Hotspoti ya simu inakupa laini ambayo haipiti kwenye ruta ya hoteli, na kikao cha sauti cha saa nzima kwa kilobiti 80 kila upande kinakula megabaiti kama 70 tu kwa kwenda na kurudi. Weka simu dirishani, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB badala ya waifai ili ukwepe msongamano wa hewani na simu ibaki na chaji, na uweke "Metered connection" pia kwenye hiyo, la sivyo Windows ikiona intaneti nzuri itaanza kushusha apdeti na bando litakwisha katikati ya mazungumzo.

Ukienda mapokezi kulalamika, usiseme waifai mbovu, hilo wanalisikia kutwa na hawana la kufanya nalo. Waambie ulichopima. "Ruta ya ndani inanijibu kwa milisekunde 5 lakini nje ni 900 kuanzia saa mbili usiku" inamwambia fundi wao kwamba laini imejaa, labda kuna mgeni anatakiwa kuwekewa kikomo au wakaongeze laini. "Napata 169.254" inamwambia anwani zimeisha. "Ndani yenyewe inarukaruka mpaka 200 chumbani kwangu" inamwambia akaangalie kisanduku cha korido hiyo, na hapo ndipo kuomba kubadilishiwa chumba kunapokuwa na maana. Na kama peji imekukataa moja kwa moja wape anwani ya MAC ya kifaa chako, iko kwenye setingi za waifai hapohapo, wengi wanaweza kuiruhusu kwa mkono kwenye mfumo wao na ukaendelea na kazi.